Sera ya kuripoti wizi ofisini: taarifa imfikie nani?

"Tuko wafanyakazi 11. Sera yetu inasema taarifa za wizi zipelekwe kwa mkurugenzi, naye ndiye anayeidhinisha malipo. Hakuna aliyewahi kuripoti. Turekebishe nini?"

Ndugu, anzeni na mpokeaji. Wekeni wawili: mjumbe wa bodi asiyetia saini hundi, na mtu wa nje mnayemwamini, kila mmoja na namba yake ya simu. Sera itamke pia kwamba mfanyakazi yuko huru kwenda TAKUKURU, namba 113, bila kuanzia ndani.

Kuficha jina peke yake hakutoshi katika ofisi ndogo. Tuseme mhasibu msaidizi ameona risiti moja ya mafuta imelipwa mara mbili. Mpokeaji akiitisha faili la mafuta tu, kesho yake wote watajua nani kasema, maana wanaolishika ni wawili. Aitishe hati zote za malipo za miezi 3, kama ukaguzi wa kushtukiza. Ukaguzi huo ufanyike hata pasipo aliyeripoti, la sivyo wenyewe utakuwa ishara kwamba kuna aliyesema.

Kisasi mara nyingi huja kimyakimya: mkataba hauongezwi. Kwa hiyo andikeni kwamba kwa miezi 12 baada ya taarifa, kumwachisha, kumhamisha au kutomwongezea mkataba aliyeripoti kunaamuliwa na bodi, kwa sababu za maandishi. Kinga hiyo imhusu hata aliyekosea kwa nia njema.

Msiahidi siri kamili. Kesi ikifika mahakamani huenda aliyeripoti akahitajika kama shahidi, aambiwe mapema.