Anwani ya Zamani Isiyorudisha Barua

Swali la wiki: "Makundi yenu ya anwani za baruapepe mnayatunzaje, na mwanachama akibadili anwani hutokea nini?"

Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, na ninatunza orodha tatu za baruapepe: ya wanachama wote, ya wajumbe wa bodi na ya kamati ya mikopo. Anwani iliyofungwa kabisa hainisumbui sana, kwa kuwa hujitangaza yenyewe: ujumbe hurudi kwa mtumaji pamoja na maelezo ya kilichotokea. Ninayoihofia ni anwani ya zamani ambayo bado inapokea.

Mjumbe mmoja wa kamati yetu ya mikopo aliacha kazi na kwenda kwa mwajiri mwingine. Muda wote tulikuwa tukimwandikia kwa anwani ya cheo chake kazini, tuseme `uhasibu@example.com`. Alitujulisha anwani mpya kama inavyotakiwa, na msaidizi wangu akaiandika katika kadi ya mjumbe huyo kwenye kitabu cha anwani. Hata hivyo, makabrasha ya kamati, yenye maombi ya mikopo na mishahara ya waombaji, yaliendelea kwenda kwenye anwani ya zamani, ambayo mwajiri alikuwa ameshamkabidhi mhasibu aliyeshika nafasi ile. Hakuna ujumbe hata mmoja uliorudi. Tulijua pale tu mhasibu huyo alipotuandikia kwa upole kwamba anapokea karatasi zisizomhusu.

Sababu yake ni namna kundi linavyohifadhiwa. Tulikuwa tukitumia Outlook ya kompyuta ya muundo wa zamani, na humo kundi la anwani huweka nakala ya anwani kama ilivyokuwa siku mwanachama alipoingizwa. Ukirekebisha kadi yake baadaye, nakala iliyomo ndani ya kundi haibadiliki mpaka ulifungue kundi lenyewe, ubonyeze `Update Now`, kisha ulihifadhi. Hata kitufe hicho kina mipaka: kinawafaa wanachama walioingizwa kutoka kwenye kitabu cha anwani, lakini yule ambaye anwani yake ilichapwa moja kwa moja ndani ya kundi hana kadi ya kumrejelea, na itabidi umwondoe na kumwingiza upya kwa mkono. Vivyo hivyo, ukifuta kadi ya zamani na kuandika nyingine badala ya kuirekebisha ileile, usitarajie kundi litambue kwamba ni mtu yuleyule.

Gmail hufanya vinginevyo. Kundi lake ni lebo inayobandikwa kwenye kadi, kwa hiyo marekebisho ya kadi hufuata popote lebo ilipo. Kosa la huko ni la aina nyingine: mtu huongeza anwani mpya na kuiacha ya zamani kwenye kadi hiyohiyo "kwa tahadhari", na ujumbe wa kundi ukaendelea kwenda kwa ile ya zamani kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Kwangu anwani ya zamani haibaki kwenye kadi. Huiandika katika sehemu ya maelezo pamoja na tarehe ilipoachwa.

Baada ya kadi na kundi, zipo nakala mbili ambazo wengi huzisahau. Ya kwanza ni ile ambayo programu hukumbuka na kukupendekezea unapoanza kuchapa jina. Katika Outlook hiyo hufutwa kwa kubonyeza alama ya X iliyo kando yake. Ya pili ni mfululizo wa barua uliokwisha kuanza. Mjumbe mwingine akifungua barua ya mwezi uliopita na kubonyeza `Reply All`, anwani zilizokuwamo siku ile hurudi zote, ya zamani ikiwa miongoni mwao, hata kama orodha yako ni safi kabisa. Kwa hiyo mjumbe anapobadili anwani, barua ya kikao kinachofuata huianza upya, bila kujibu juu ya ya zamani.

Kuhusu barua zinazorudi, mimi husoma kwanza tarakimu. Namba inayoanza na 5, kama `550 5.1.1`, ina maana kwamba seva imekataa moja kwa moja, na mara nyingi hiyo `5.1.1` husema kwamba hakuna kisanduku cha jina hilo. Kabla ya kumwondoa mwanachama nampigia simu, maana huenda ni herufi moja tu iliyokosewa. Namba inayoanza na 4 ni kikwazo cha muda. Kwa mfano, `4.2.2` humaanisha kisanduku kimejaa. Hapo seva ya mtumaji huendelea kujaribu, mara nyingi kwa siku kadhaa, kabla ya kukata tamaa. Kumfuta mtu kwa sababu ya kisanduku kilichojaa ni haraka isiyo na faida.

Kuna barua moja inayorudi ambayo humchanganya hata katibu mzoefu: inataja anwani ambayo haimo katika orodha yako hata ukiitafuta namna gani. Kwa kawaida mwanachama ameelekeza barua za anwani yake ya zamani ziende kwenye mpya, na ile mpya ndiyo iliyokataa. Fungua taarifa yote ya seva na utafute mistari ya aina hii:

```
Original-Recipient: rfc822; uhasibu@example.com
Final-Recipient: rfc822; anwani.mpya@example.net
```

Mstari wa kwanza ukiwepo, ndio unaokuonyesha nani katika orodha yako anahusika. Si kila seva huuandika. Usipouona, angalia vichwa vya barua yako vilivyoambatishwa, hasa mistari ya `Delivered-To` na `Received`, ambako mara nyingi anwani ya awali hubaki imetajwa. Uelekezaji huo wa barua ni msaada wa kipindi cha kuhama tu, kwani aliyeuweka akisahau, au mwajiri akiuondoa, njia hukatika bila wewe kuarifiwa.

Siku hizi taarifa ya mabadiliko ikifika kwangu, hasa ikiwa imetumwa kutoka anwani nisiyoijua, siifanyii kazi mpaka nimempigia mwenyewe kwa namba iliyomo katika daftari letu, wala si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Chama kinachotuma taarifa za mikopo hakiwezi kubadili anwani kwa neno la mtu asiyethibitishwa. Nikishathibitisha, hufungua jedwali kuu, ambalo lina jina, anwani inayotumika, anwani zilizoachwa na tarehe zake, na orodha ambazo mtu huyo yumo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayonisaidia zaidi, kwa sababu mjumbe wa kamati ya mikopo yumo pia katika orodha ya wanachama wote, na kurekebisha moja tu huacha nyingine ikiendelea kumpotezea barua. Hurekebisha zote kwa mkao mmoja, kisha hutuma ujumbe wa majaribio kwa kila kundi na kumwomba ajibu akiwa kwenye anwani mpya. Jibu lisipofika, kabrasha lenye mishahara haliondoki.

Nakala zilizo kwenye kompyuta za wajumbe wengine siwezi kuzigusa. Kwa hao hutuma taarifa fupi inayotaja anwani zote mbili, inayoachwa na inayoanza, ili kila mmoja aweze kuitafuta ile ya zamani katika kitabu chake cha anwani na kuiondoa. Mwenyekiti wetu, ambaye ana makundi yake binafsi aliyoyatengeneza miaka iliyopita, huniletea kompyuta yake tuyapitie pamoja.