Sekunde 40 za ukimya: muda mfu na kibashiri cha Smith

Msomaji mmoja ameandika kwamba kitanzi chake cha kudhibiti joto hakitulii. Akipunguza ukuzaji wa kidhibiti, yaani ukali wa jibu lake kwa kosa, joto linatulia lakini linachelewa kufika. Akiupandisha, linaanza kuyumba juu na chini bila kikomo. Amebadilisha vali, amebadilisha kidhibiti, na hali ni ileile. Kwenye maelezo yake kuna namba mbili zinazotosha kueleza kisa chote: kipimajoto kimefungwa mita 20 kutoka kwenye kibadilisha joto, na maji yanatembea mita 0.5 kwa sekunde. Gawanya upate sekunde 40. Muda wote huo vali imeshafanya kazi yake, lakini kidhibiti hakijaona chochote. Huo ndio muda mfu.

Kabla ya kugusa programu, jiulize kama kipimajoto kinaweza kusogezwa. Kikifungwa mita 5 kutoka kwenye kibadilisha joto, muda mfu unashuka hadi sekunde 10, na hakuna hesabu yoyote itakayokupa faida kama hiyo kwa kufungua boliti chache. Watu wanakimbilia hesabu kwa sababu inapendeza zaidi kuliko spana. Ikiwa kweli bomba haliruhusu, tuendelee.

Pima mchakato wenyewe kwanza. Weka kidhibiti kwenye hali ya mkono, subiri joto litulie, kisha pandisha vali kutoka asilimia 40 hadi 45 mara moja na uiache hapo. Tuseme joto linakaa kimya sekunde 40, halafu linaanza kupanda, na mwishowe linatulia nyuzi 4 juu ya pale lilipokuwa. Ukuzaji wa mchakato ni 4 gawanya kwa 5, yaani nyuzi 0.8 kwa kila asilimia ya vali. Sasa tafuta lini joto lilifika asilimia 63 ya badiliko lote, yaani takriban nyuzi 2.5. Ikiwa ni sekunde ya 60, ondoa zile 40 za ukimya, unabaki na muda wa mwitiko wa sekunde 20. Rudia jaribio kwa kushusha vali. Ukipata muda mfu tofauti kwa kupanda na kwa kushuka, shuku vali inayokwama. Tengeneza hiyo kwanza, maana kibashiri cha Smith hakitibu vali.

Hapa muda mfu ni mara mbili ya muda wa mwitiko, na ndiyo maana PI ya kawaida, kidhibiti kinachojibu kosa la sasa pamoja na jumla ya makosa yaliyopita, inafungwa mikono. Ukiweka muda wa ujumlishaji Ti sawa na sekunde 20, kitanzi kinapoteza uthabiti ukuzaji wa kidhibiti Kc unapokaribia 0.98. Thamani ya kufanyia kazi kwa utulivu ni kama 0.31. Msomaji wetu anahangaika ndani ya kijinafasi hicho, akidhani tatizo ni ufundi wake.

Otto Smith alitoa suluhisho mwaka 1957, nalo ndilo kibashiri chake. Wazo lake ni kuendesha mfano wa mchakato ndani ya kidhibiti, mara mbili: mmoja usio na ucheleweshaji, na mwingine uliocheleweshwa sekunde 40. Kidhibiti kinapewa jibu la ule wa haraka, kikaona matokeo ya hatua yake papo hapo. Ule uliocheleweshwa unalinganishwa na kipimo halisi, na tofauti yao inaongezwa juu ili makosa ya mfano na usumbufu wa nje visipotee. Mfano ukiwa sahihi, muda mfu unatoka ndani ya kitanzi. Unabaki nje yake, kama ucheleweshaji tu.

Kwa sampuli ya sekunde 1, kazi yote ni hii:

```
ym  := a*ym + K*(1-a)*u;
ymd := buf[i];
buf[i] := ym;
i := (i+1) MOD 40;
pv := y + ym - ymd;
```

Hapa `y` ni kipimo halisi, `u` ni amri ya vali, `ym` ni jibu la mfano wa haraka na `ymd` ni la ule uliocheleweshwa; K ni 0.8 na a ni 0.951, ambayo ni exp(-1/20). PI inasoma `pv` badala ya `y`. Soma `buf` kabla ya kuiandika, la sivyo ucheleweshaji wako utakuwa sifuri. Na `u` lazima iwe ile iliyokwenda kwenye vali baada ya kubanwa kati ya 0 na 100, tena mfano uendelee kukokotoa hata kidhibiti kikiwa kwenye mkono. Ukiusimamisha, siku ya kurudi kwenye otomatiki vali itaruka.

Sasa chagua kasi. Kwa mfano sahihi, Kc ni 20 gawanya kwa zao la 0.8 na λ, ambapo λ ni muda wa mwitiko unaoutaka baada ya ukimya. Kwa λ ya sekunde 20, Kc inakuwa 1.25: mara nne ya ile 0.31, na juu ya kikomo ambacho bila kibashiri kingekuangusha. Ukibadilisha lengo la joto, joto litakaa kimya sekunde 40, kisha litafika asilimia 63 kwenye sekunde ya 60 na asilimia 98 karibu na sekunde ya 120. Zile 40 za mwanzo hazipungui hata kidogo. Anayekuahidi kuziondoa hajui anachouza.

Kwa nini basi tusiweke λ ya sekunde 2? Kwa sababu mfano haubaki sahihi. Maji yakipungua kasi hadi mita 0.4 kwa sekunde, muda mfu halisi unakuwa sekunde 50 huku mfano ukiamini 40, na kitanzi kikali kitaanza kuyumba. Kanuni ninayoisimamia: λ isiwe ndogo kuliko kosa kubwa zaidi la muda mfu utakalokutana nalo. Kwa kosa la sekunde 10, λ ya 20 ina akiba nzuri, na akiba hiyo inahitajika, kwani mtiririko ukipungua kila asilimia ya vali huongeza nyuzi nyingi zaidi. Kasi ikishuka hadi 0.3, muda mfu unakaribia sekunde 67, kosa linakuwa 27, na λ ya 20 haitoshi tena.

Kama mtiririko wako unabadilika hivyo, usitumie saa kusogeza `buf`. Soma kipima mtiririko, na usogeze nafasi moja kila maji yanapotembea mita 0.5, nafasi 40 daima zitakuwa mita 20, kasi iwe yoyote.

Chora pia `y - ymd` kwenye skrini ya opereta, maana hapo ndipo mfano unapojifichua. Baada ya kupandisha lengo, tofauti ikizama chini ya sifuri kwa muda kisha ikarudi, muda mfu halisi umezidi wa mfano. Ikipanda na kubaki juu, na ukubwa wake ukifuata ukubwa wa hatua ya vali, ukuzaji ndio umekosewa. Tofauti inayobaki bila vali kusogea ni usumbufu wa nje, na huo usiurekebishe kwenye mfano.

Usumbufu huo wenyewe, mathalani maji yanayoingia yakiwa baridi ghafla, hauonekani hadi ufike kwenye kipimajoto, na marekebisho yake yanachukua sekunde 40 nyingine. Kama huo ndio unaokusumbua zaidi, pima joto la maji yanayoingia na upeleke ishara hiyo moja kwa moja kwenye vali. Na kama mchakato ni tangi linaloendelea kujaa bila kutulia lenyewe, usiweke kibashiri hiki kwa umbo lake la asili: mzigo wa kudumu utaacha kosa la kudumu, hata PI ikijumlisha vipi.