Sauti ya kompyuta inakosea majina: usiguse tahajia, andika matamshi pembeni

"Wakuu, nimefunga mfumo wa kuita wagonjwa kwa sauti ya Kiswahili kwenye zahanati. Maneno ya kawaida inasoma safi kabisa, lakini majina ni balaa: Joyce, Ochieng', Ng'wandu, yote inaharibu. Nimejaribu kuyaandika kwenye daftari la mfumo jinsi yanavyotamkwa, sasa skrini na kadi za wagonjwa zinaonyesha majina ya ajabu. Nifanyeje?"

Mkuu, kwanza rudisha majina yote kama yalivyokuwa, leo hii kabla hujaendelea. Mimi nilifanya kosa hilohilo nilipotengeneza mfumo wa kupigia simu wanachama wa chama cha akiba na mikopo hapa Mwanza, wa kuwakumbusha vikao na marejesho. Niliandika "Joisi" kwenye daftari ili sauti itamke vizuri. Mwezi uliofuata stakabadhi zikatoka na Joisi, na mama mmoja akakataliwa kutoa fedha kwa kuwa kitambulisho chake kimeandikwa Joyce. Maandishi ya jina na matamshi yake ni vitu viwili, na kila kimoja kinataka mahali pake.

Sauti yako inakosea kwa sababu inafuata kanuni za tahajia ya Kiswahili, na kanuni hizo ni nzuri kwa Kiswahili. Joyce ni tahajia ya Kiingereza, kwa hiyo inaisoma herufi kwa herufi. Ochieng' ni la Kijaluo na linaishia kwa king'ong'o, ile sauti ya ng', bila irabu, kitu ambacho neno la Kiswahili halifanyi, kwa hiyo sauti nyingi huongeza "i" mwishoni au hutamka "g" nzito. Hata herufi zilezile hubeba sauti tofauti kutoka lugha moja hadi nyingine. Wacera la Kikikuyu hutamkwa Washera, na "th" ya Muthoni ni "dh" ya dhahabu, si "th" ya thamani. Mashine haiwezi kujua jina limetoka wapi mpaka uiambie.

Namna ya kuiambia ni SSML, alama za kuongozea sauti zilizosanifiwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, ambazo huduma nyingi za kusoma maandishi zinazielewa kwa kiasi fulani. Kwa majina unahitaji tagi mbili tu. Tagi ya `sub` inaiambia sauti: hapa pameandikwa hivi, wewe soma hivi. Tagi ya `phoneme` inakwenda ndani zaidi na kutaja fonimu zenyewe, yaani sauti moja moja za jina, kwa alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, IPA. Nimefupisha kichwa cha faili hapa:

```xml
<speak>
  Ndugu <sub alias="Joisi">Joyce</sub>
  <phoneme alphabet="ipa" ph="otʃiˈeŋ">Ochieng'</phoneme>,
  kikao ni Jumamosi.
</speak>
```

Katika `ph`, ile tʃ ni "ch", ŋ ni king'ong'o, na kile kijistari cha juu kinakaa mbele ya silabi yenye mkazo. Usikisahau. Nisipokiweka, sauti niliyokuwa nikitumia ilirudi kwenye desturi ya Kiswahili ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, jina likatoka "oCHIeng'", na wenyewe wakaniambia huyo si Ochieng'.

Ushauri wangu ni kuanza na `sub` kila mara. Majina mengi ya ubatizo yanapona kwa tahajia ya Kiswahili tu: Joisi, Jefri, Chalesi. Faida yake kubwa ni kwamba karani yeyote anaweza kuisoma na kuisahihisha bila kujua IPA. Fonimu ziweke akiba kwa yale ambayo Kiswahili hakina namna ya kuyaandika, kama king'ong'o cha mwishoni.

Kabla hujaandika hata fonimu moja, jaribu kama sauti yako inaisikiliza hiyo tagi. Sauti kadhaa, hasa za lugha ambazo hazijapewa kipaumbele, zinaipokea bila kulalamika kisha zinasoma maandishi kama kawaida. Unaweza kukaa siku nzima ukibadilisha alama za IPA na kudhani masikio yako yana tatizo. Kipimo changu ni hiki:

```xml
<phoneme alphabet="ipa" ph="baba">Ochieng'</phoneme>
```

Ukisikia "baba", tagi inafanya kazi. Ukisikia Ochieng' kwa matamshi yaleyale mabovu, tagi inapuuzwa, basi rudi kwenye `sub` na utafute tahajia iliyo karibu zaidi. Ukipata kosa na ukimya mtupu, huenda umeweka fonimu ambayo sauti hiyo haina, kwa maana baadhi ya huduma hukataa ujumbe mzima kwa sababu ya alama moja. Hilo la ukimya kwenye zahanati ni baya kuliko jina lililokosewa, maana mgonjwa haitwi kabisa. Weka kinga kwenye programu yako: ujumbe wenye tagi ukikataliwa, utumwe tena bila tagi.

Kuandika tagi ndani ya kila ujumbe kunachosha, na hapo ndipo leksikoni ya matamshi inapoingia. Ni faili moja ya XML kwa muundo unaoitwa PLS, ambao W3C waliupitisha 2008. Unaorodhesha maandishi upande mmoja na matamshi upande wa pili, na sauti inaipitia kabla ya kusoma:

```xml
<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
<lexicon version="1.0"
  xmlns="http://www.w3.org/2005/01/pronunciation-lexicon"
  alphabet="ipa" xml:lang="sw-TZ">
  <lexeme>
    <grapheme>Joyce</grapheme>
    <alias>Joisi</alias>
  </lexeme>
  <lexeme>
    <grapheme>Ochieng'</grapheme>
    <phoneme>otʃiˈeŋ</phoneme>
  </lexeme>
</lexicon>
```

Ile `xml:lang` ilingane na lugha ya sauti unayotumia, la sivyo faili inaweza kuachwa bila kuguswa. Na kama unatumia huduma ya sauti ya Azure ya Microsoft, ujue kwamba leksikoni huhifadhiwa kwa muda baada ya kusomwa mara ya kwanza. Ukiibadilisha, inaweza kuchukua hadi dakika 15 mabadiliko kusikika, kwa hiyo usihukumu sahihisho lako baada ya sekunde kumi.

Sasa niseme kilichonitesa mimi kuliko vyote, na nina hakika kinakusubiri na wewe kwenye Ng'wandu. Leksikoni hulinganisha herufi kwa herufi. Nilikuwa na wanachama wawili wenye jina hilo la Kisukuma, sauti ikawa inamtaja mmoja vizuri na mwingine inamwita kitu kama "eni-ji wandu". Jina moja, faili moja, sauti moja. Nilizunguka nalo siku mbili. Mwishowe nikanakili yale majina mawili na kuangalia msimbo wa kila herufi, nikaona ritifaa zao si moja. Moja ilikuwa ritifaa iliyonyooka, U+0027, aliyoandika karani kwenye kompyuta. Nyingine ilikuwa iliyopinda, U+2019, ile ambayo simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa macho zinafanana kabisa. Kwa leksikoni ni majina mawili tofauti, na iliyopinda haikuwemo. Nilipoendelea kuchimba nikakuta hata walioandika kwa ile alama ya ` iliyo pembeni mwa kibodi.

Dawa yake si kuongeza mistari kwenye leksikoni. Geuza ritifaa zote ziwe U+0027 ndani ya nakala unayoipeleka kwa sauti, kabla ya kitu kingine chochote. Daftari lenyewe liache.

Tatizo la pili ni ndugu wa hilo. Herufi kubwa na ndogo nazo huhesabiwa kuwa tofauti, na mifumo mingi ya ofisini huhifadhi majina kwa herufi kubwa tupu. JOYCE haitakutana na Joyce. Nikaona nirahisishe kwa Python, nikatumia `title()`, kumbe yenyewe inaona ritifaa kama mwisho wa neno:

```python
import string
"NG'WANDU".title()            # Ng'Wandu
string.capwords("NG'WANDU")   # Ng'wandu
```

Ile "Ng'Wandu" nayo haikuwemo kwenye leksikoni. Tumia `capwords`, inagawanya kwa nafasi tu.

Leksikoni ina mpaka mmoja ambao hakuna ufundi wa faili utakaouvuka: andiko moja lina tamko moja. Michael mmoja anaitwa Maiko tangu utotoni, mwingine ni Mikaeli na hataki kusikia lingine, na wote wawili kwenye kitambulisho ni Michael. Ndiyo maana mfumo wangu sasa una safu ya ziada kwenye taarifa za kila mwanachama, inaitwa "matamshi", na kwa walio wengi iko tupu. Programu huangalia safu hiyo kwanza. Ikikuta kitu inaweka `sub` au `phoneme` ya mtu huyo peke yake, isipokuta inaiachia leksikoni. Ukiwa na safu hiyo, lile wazo lako la kuandika jina linavyotamkwa linakuwa sahihi kabisa, kwa sababu halichapishwi kwenye kadi.

Kuijaza, usikae mezani ukibuni. Mimi nilianza kubuni na nilikosea majina ya Kihaya karibu yote. Mwombe mgonjwa anapojiandikisha ataje jina lake, karani aandike anavyolisikia pale tu linapotofautiana na tahajia. Kisha mchezeshee mwenyewe sauti iliyotoka, pale pale dirishani. Kuna mzee Mjaluo nilimchezeshea jina lake mara nne, nikisogeza mkazo na kubadilisha irabu, kila mara anatikisa kichwa. Ya tano akasema, "Sasa huyo ni mimi." Hata hivyo toni ya Kijaluo haikuwemo, na haitakuwemo. Sauti iliyofunzwa kwa Kiswahili haina pa kuitoa, ukiweka alama za toni au usiziweke.

Ukitaka kujipima nyumbani bila kulipia kila jaribio, sakinisha eSpeak NG. Ni ya bure, ina Kiswahili, na inakuonyesha fonimu inazozielewa:

```
espeak-ng -v sw -q --ipa "Ng'wandu Ochieng'"
```

Haikuambii sauti yako ya zahanati itatamka nini, maana hizo ni injini tofauti, lakini inakupa mahali pa kuanzia kuandika IPA kuliko kukodolea macho jedwali. Ukikwama kwenye jina, liweke hapa pamoja na lugha linakotoka na jinsi wenyewe wanavyolitamka, tutalipangia fonimu zake.