Lengo la masoko lenye kipimo, chini ya dhamira ya kampuni

"Wadau, dhamira yetu ni kuwapatia wakazi wa Iringa mtindi salama wa maziwa ya wafugaji wadogo. Kwenye mpango niliandika lengo la 'kuongeza mauzo', bosi akalikataa. Nilirekebisheje?"

Ndugu, bosi wako ana hoja, kwa kuwa hata chupa moja ya ziada ingetosha kulitimiza lengo hilo. Fungua kwanza daftari la oda, uhesabu maduka yaliyoagiza angalau mara tatu katika wiki nne zilizopita. Tukichukulia kwamba ni 40, lengo linaweza kusomeka hivi: "Kufikia tarehe 30 Septemba, maduka ya mjini Iringa yanayoagiza mtindi wetu angalau mara tatu kila wiki nne yaongezeke kutoka 40 hadi 60." Usiandike shughuli kama kubandika mabango kuwa lengo; hiyo ni kazi tu ya kulifikia, na mahali pake ni kwenye sehemu ya utekelezaji.

Kuhusu dhamira, kuinakili juu ya ukurasa hakutoshi. Jiulize kama lengo linaweza kutimia huku dhamira ikivunjwa. Hapa linaweza: kiangazi, maziwa yanapopungua, kiwanda kinaweza kugeukia maziwa ya unga, maduka 60 yakapatikana, na mfugaji asiuze hata lita moja ya ziada. Kwa hiyo weka sharti ndani ya lengo lenyewe kwamba maziwa yote yatoke kwa wafugaji wadogo. Nimependekeza Septemba kwa sababu hiyohiyo: tarehe ya mwezi Mei, malisho yakiwa bado mengi, ingekupa matokeo mazuri ambayo kiangazi kingeyafuta. Kama lita za kiangazi hazitoshelezi maduka 60, punguza idadi ya maduka, usiguse sharti.