Betri mbili za jeli au lithiamu moja: hesabu ya nyumba ya Chanika

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nipo Chanika, nina paneli 4 za wati 300 na inveta ya 24V kilowati 2.4, Tanesco bado haijafika kwangu. Betri zangu za jeli mbili za 200Ah zimekufa, zimekaa mwaka na miezi minane tu. Nimeenda Kariakoo nimeambiwa jeli mpya ni 620,000 moja, yani mbili 1,240,000, na lithiamu ya 24V 200Ah ni 2,700,000. Tofauti ni zaidi ya mara mbili. Usiku natumia friji ndogo, feni moja, tivii na taa. Ninunue ipi? Au hiyo lithiamu ni mbwembwe tu za wauzaji?

JIBU: Salama kaka, pole na betri. Kabla ya yote, muuzaji amekuuzia hesabu mbovu, sisemi kakusudia lakini karibu wote kule wanafanya hivi, mteja akija na jeli ya 200Ah wanamtafutia lithiamu ya 200Ah, namba zinafanana basi wameridhika. Namba ya kwenye stika siyo unachokula usiku. Jeli zako mbili ukiziunga kwa 24V zinabeba wati saa 4,800 kwenye karatasi, ila ukitaka zidumu unatakiwa uchukue nusu tu, 2,400, nyingine unaiacha mle ndani. Lithiamu hizi za majumbani, zile za fosfeti ya chuma, unaweza kuikamua asilimia 80 hadi 90 kila siku na isinung'unike. Kwa hiyo lithiamu ya 25.6V 100Ah ambayo ina wati saa 2,560 inakupa usiku karibu kilekile wanachokupa jeli wawili wa 200Ah. Hauhitaji ile ya 2,700,000. Rudi uulizie ya 100Ah, hapa nitatumia 1,500,000 kwenye hesabu, wewe ukipata bei yako weka yako.

Sasa tuone kama itakutosha maana nisije nikakuingiza mkenge. Friji ndogo kwa masaa 12 ya usiku inakula kama wati saa 600, inazima na kuwaka yenyewe. Feni ya wati 50 masaa 8 ni 400. Tivii wati 60 masaa manne ni 240, taa tano za wati 9 masaa matano ni 225, king'amuzi na ruta weka 150. Halafu kuna mlaji ambaye watu hawamhesabu kabisa, inveta yenyewe, ile ikiwa imewashwa tu hata bila kitu inakula wati 30 hivi, masaa 12 ni 360, karibu sawa na feni yako. Jumla 1,975, sema yuniti 2 za LUKU. Kwenye lithiamu ya 100Ah hiyo ni asilimia 78, imekaa vizuri. Kwenye jeli mbili ni asilimia 42, nayo imekaa vizuri.

Utauliza kama imekaa vizuri mbona zangu zimekufa kwa miezi 20? Hapo ndo penyewe. Watu wengi wanadhani jeli inakufa kwa kutumiwa sana, mara nyingi inakufa kwa kutojaa. Jeli ni betri ya risasi, na betri ya risasi ikikaa siku nyingi nusu nusu, zile chembe za salfeti kwenye sahani zinakomaa zinakuwa ngumu, hazirudi tena kwenye kazi, na kila wiki 200Ah yako inapungua bila wewe kujua. Unaona tu zamani tivii ilifika saa sita usiku, sasa hivi saa nne inveta inapiga kelele.

Angalia paneli zako. Wati 1,200, jua la Dar tufanye masaa 4.5 kamili kwa siku, ukitoa joto, vumbi na upotevu wa nyaya unavuna kama wati saa 4,000. Mchana friji na inveta na feni wanachukua kama 1,500, inabaki 2,500. Sasa jeli, ukitoa 2,000 usiku inabidi uirudishie 2,500 kwa sababu inapoteza njiani, lithiamu inataka kama 2,100. Umeona? Siku ya jua kali jeli yako inajaa kwa kukwaruza, hakuna akiba. Masika ikiingia, mwezi wa tatu mpaka wa tano, siku ya mawingu unavuna nusu, 2,000, mchana unakula 1,500, betri inapata 500. Siku tatu za hivyo mfululizo na jeli iko chini inakomaa salfeti. Na hata siku ya jua, ile asilimia 20 ya mwisho jeli inaingiza taratibu sana, inataka masaa manne au zaidi, sasa friji inavuta, jua la saa kumi limeshalegea, haijai. Lithiamu haina hiyo shida, ikikaa imejaa nusu tu kwa wiki nzima ni sawa, kwanza inapenda. Siku za mawingu giza utakaa nalo kama kawaida, betri siyo jenereta, ila haifi kwa ajili hiyo.

La pili ni joto. Maisha ya betri ya risasi wanayoandika kiwandani wanapima kwenye nyuzi 25, na kila ukipanda nyuzi 10 hivi maisha yanapungua karibu nusu. Stoo ya bati mwezi wa pili huku kwetu inafika 35 kirahisi. Lithiamu nayo joto haiipendi lakini haianguki kwa kasi hiyo.

La tatu, hili naomba ukaliangalie leo hata kabla hujanunua. Inveta nyingi za 24V zinatoka kiwandani zikiwa zinakata umeme betri ikifika 21V. Kwa jeli hiyo ni 10.5V kila betri, yani imekamuliwa mpaka tone la mwisho, siyo nusu. Fundi akifunga akaondoka bila kugusa hiyo setingi basi kila usiku unaozidisha matumizi kidogo unachinja betri. Mimi mwenyewe nilishafanya huo ujinga miaka ya mwanzo, nikamfungia mtu Kigamboni nikaacha setingi za kiwandani, mwaka na kidogo akanipigia, nililipa betri moja kwa aibu.

Haya hela. Jeli ukiitunza, ukaongeza paneli mbili na ukaweka kukata kwenye 24V, kwa joto letu mimi nahesabu miaka 3, anayekuambia 8 anasoma karatasi ya kiwanda. Miaka 3 ni usiku 1,095, yuniti 2 kila usiku ni 2,190, gawanya 1,240,000 kwa hizo, kila yuniti imekugharimu shilingi 566 ya betri peke yake. Kwa miezi 20 ulizopata wewe ni mbaya zaidi, inapita shilingi 1,000. Lithiamu, chukua mizunguko 3,000 tu ya kujaza na kukamua japo wengi wanaandika 6,000, hiyo ni miaka 8 na kidogo, yuniti 6,000, 1,500,000 gawanya unapata 250. Ndani ya miaka 8 jeli utanunua mara tatu, leo, mwaka wa 3 na wa 6, jumla 3,720,000. Kitu kimoja cha kuwatetea jeli, mbovu zake zinanunuliwa kwa kilo, risasi ina soko, tuseme unapata 80,000 kwa moja, nne ulizozitoa ni 320,000, unabaki umetumia 3,400,000. Lithiamu ikifa hakuna anayekuja na mzani getini.

Nisikudanganye kwamba jeli haifai popote. Mtu wa Sinza au Kinondoni mwenye Tanesco, anayetaka betri ya kushika taa na tivii umeme ukikatika mara moja kwa wiki, huyo jeli inamtosha, haizunguki sana na umeme ukirudi inajazwa mpaka juu usiku kucha, ile miaka 8 ya lithiamu anailipia haitumii. Wewe unazungusha kila siku bila Tanesco na paneli zako ni za kubana, kwako jeli ndo itakuwa ghali.

Mipaka ya hiyo ya 100Ah uijue. BMS yake, yani ule ubongo wa ndani unaoilinda, kwa kawaida unaruhusu ampea 100, ambazo ni kama wati 2,500. Friji na pasi mara moja moja sawa, ila ukija kufunga pampu ya kisima ya farasi moja ule mshituko wa kuwaka unaweza kufanya BMS ikate nyumba nzima ikawa giza, hapo ndo 200Ah inaanza kuwa na maana. Na usiiunge sambamba na jeli yoyote ile hata kama moja bado ina uhai, volti zao za kujaa hazifanani, mmoja atamnyonya mwenzake.

Ukifunga, kwenye inveta aina ya betri toa `AGM` weka `USE` halafu uandike mwenyewe: kujaza 28.2V, kushikilia 27.0V, kukata 24.0V, na ile ya kusawazisha uizime kabisa, inapandisha volti ambayo lithiamu haitaki. Usipime kilichobaki kwa volti kama ulivyozoea kwenye jeli, lithiamu inaganda kwenye 26 na kitu kwa muda mrefu sana halafu inaporomoka ghafla, tumia asilimia za BMS kwenye simu kwa blutuu.

Dukani beba kitu kimoja kichwani, uzito. 25.6V 100Ah ya kweli ina kilo 20 na kitu. Ukiinua ya kilo 13 wameweka seli chache ndani au seli za kuokoteza, rudisha. Ukishafika nyumbani ijaze, kisha zima paneli, iwashie mzigo usiobadilika wa wati 400 hivi, na uwe na ile mita ya kuchomeka kwenye soketi. Mpaka inveta ikate kwenye ile 24.0V unatakiwa uone kama wati saa 2,200, ukitoa anachokula inveta. Ikiishia 1,500 hiyo siyo ya 100Ah, piga picha ya mita na ya seli kwenye simu urudi nayo wiki hiyohiyo wakati risiti bado ina maana. Na kwenye hiyo picha ya seli nane angalia zinapokaribia kuisha, kama saba ziko 3.1V na moja imeshafika 2.6V, ujue hiyo moja ndo itakayokuwa inakuzimia nyumba.