Sony, Canon na droni ndani ya filamu moja: rangi zinagoma kupatana

"Wakuu, tumepiga filamu fupi huku Kondoa kwa kamera tatu: Sony a6400 kwenye S-Log3, Canon 80D kwenye rangi zake za kawaida, na droni ndogo. Nikiziunga, kila shoti inaonekana kama imetoka filamu nyingine. Nilipakua LUT moja nikaiweka kwenye klipu zote, ndiyo imezidi kuharibika. Natumia DaVinci Resolve ya bure. Nianzie wapi?"

Mkuu, anza kwa kuitoa hiyo LUT. LUT ni faili la rangi zilizopangwa tayari, na nyingi za kupakua zimetengenezwa kupokea picha ya logi kama S-Log3 yako, ile iliyofifia kama imepakwa majivu. Ukiipa picha ya Canon ambayo tayari ina kontrasti na rangi zilizoiva, inaongeza kontrasti juu ya kontrasti: vivuli vinakuwa weusi mtupu na nyuso zinageuka chungwa. Kwenye Sony ileile LUT inaweza kupendeza kabisa. Kwa hiyo tofauti kati ya kamera haijapungua, umeipanua.

Nimelipitia hili kwa kamera kama zako. Mwezi wa nane tulipiga dokumentari ya dakika 14 kwenye shamba la zabibu upande wa Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini. Sony ilikuwa S-Log3, Canon ilikuwa 80D, droni ilirushwa na kijana aliyeiacha kwenye rangi za kawaida. Jua la saa sita, udongo mwekundu, vumbi, na mama mmoja anakata vishada huku mwanawe katoka shule na shati jeupe. Nilikaa na rangi zile wiki mbili, ya kwanza nikaipoteza yote.

Niliipoteza kwa sababu niliifanya Sony kuwa kiongozi. Ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, nikaona nyingine ziifuate. Haiwezekani. Anga la Canon lilikuwa limeungua, nyeupe tupu. Hakuna kitufe kinachorudisha bluu ambayo kamera haikuandika. Sony ndiyo inayoweza kushuka ikamfikia Canon, lakini Canon hapandi. Wiki ya pili nikageuza: nikachagua shoti moja safi ya Canon, mama yuko kivulini pa mwembe, nikasema hii ndiyo mzani, kila kitu kitapimwa hapa. Kamera dhaifu ndiyo kiongozi.

Sasa upangaji wenyewe ndani ya Resolve. Kwenye ukurasa wa Color chagua klipu zote za Sony, bofya kulia, "Add into a New Group". Fanya vivyo hivyo kwa Canon na kwa droni, upate makundi matatu. Ukishafanya hivyo, sehemu ya nodi inakupa ngazi nne, na picha inazipitia kwa mpangilio huu:

```
Group Pre-Clip > Clip > Group Post-Clip > Timeline
```

Mpangilio huu ndio siri yote. Kwa kundi la Sony weka Color Space Transform, zana inayoigeuza logi kuwa rangi za kawaida, kwenye Group Post-Clip, si Pre-Clip. Ijaze hivi:

```
Input Color Space:  Sony S-Gamut3.Cine
Input Gamma:        Sony S-Log3
Output Color Space: Rec.709
Output Gamma:       Gamma 2.4
```

Hakikisha tu kwamba kwenye kamera mlichagua S-Gamut3.Cine kweli, maana kuna S-Gamut3 nyingine, na ukikosea hapo rangi zitapinda kidogo na hutajua kwa nini. Kwa nini Post-Clip? Kwa sababu marekebisho ya shoti mojamoja yanakaa ngazi ya Clip, yaani kabla ya ubadilishaji, wakati picha bado ni logi. Kwenye logi ukisogeza gurudumu la Offset, picha inaitika karibu kama umefungua au kufunga lenzi: vivuli, nyuso na anga vinakwenda pamoja. Ukisubiri mpaka iwe Rec.709, yaani rangi za kawaida za skrini, mwanga wa juu umeshabanwa na kila unachogusa kinavuta kingine.

Canon na droni hazihitaji ubadilishaji. Tayari ni Rec.709. Ziache, urekebishe kwa Lift, Gamma na Gain kawaida. Na ule muonekano unaoutaka wa filamu nzima, hiyo LUT yako au rangi yoyote, mahali pake ni Timeline, nodi ya mwisho kabisa, baada ya kamera zote kufanana. Tafuta LUT inayopokea Rec.709. Mimi naizima kabisa mpaka upatanisho uishe, maana ikiwa wazi inakudanganya.

Kupatanisha nako kuna utaratibu. Kwenye ile shoti ya mzani piga "Grab Still", kisha nenda shoti ya Sony na ufungue Image Wipe ili picha mbili zikae bega kwa bega. Kwanza ondoa rangi zote: weka Saturation sifuri kwenye nodi ya muda ngazi ya Timeline, kisha rudi kwenye shoti ya mzani upige "Grab Still" upya, nayo uione nyeusi na nyeupe. Utashangaa jinsi kilichokuwa kinakusumbua kilivyokuwa mwanga, si rangi. Uso wa mama kwenye Canon ulikaa karibu na asilimia 40 kwenye Waveform, ile grafu ya mwangaza. Kwenye Sony ulikuwa 52. Nikaushusha kwa Offset mpaka zikakaribiana, ndipo nikarudisha rangi. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha pale.

Hatua ya pili ni kutafuta kitu kisicho na rangi ili uondoe unjano au ubluu. Hatukuwa na kadi ya kijivu. Nikaona shati jeupe la shule la yule mtoto, nikalishika kwa kile kijiti cha kuchagua nyeupe. Picha yote ikageuka njano. Nikarudia shoti nyingine, njano vilevile. Jioni nikampigia mama yake kumwomba ruhusa ya jambo jingine, mazungumzo yakafika kwenye nguo, ndipo nikakumbuka: mashati ya shule yanasuuzwa kwa bluu! Lile shati halikuwa jeupe, lilikuwa na ubluu wa kutiwa kwa makusudi, na programu ikautoa kwa kuongeza njano. Bati nalo usiliamini, linaakisi anga. Ukuta wa chokaa ulio karibu na ardhi unabeba wekundu wa udongo. Kilichonisaidia ni mawe: yale majabali ya granaiti ya kijivu yaliyopo kila mahali huku kwetu, upande ulio kivulini wala haujaegemea udongo. Si kamili, ila yamo kwenye shoti za kamera zote tatu, na hilo ndilo la maana. Unachotafuta ni kitu kilekile kisomeke sawa kila mahali, hata kama chenyewe si kijivu safi.

Jambo lililonila muda kuliko yote ni udongo na ngozi. Kondoa mna udongo mwekundu kama sisi, kwa hiyo utakutana nalo. Kwenye Vectorscope, ile grafu ya rangi, kuna mstari wa ngozi, na ngozi za watu weusi na weupe zote huangukia karibu na mstari huo, tofauti kubwa ni mwangaza na ukali wa rangi. Shida ni kwamba udongo wetu unaangukia jirani kabisa. Sony yangu ilionyesha ngozi ikielekea njano-kijani, Canon ikielekea wekundu. Nikafungua Hue vs Hue, nikazungusha chungwa ya Sony kama nyuzi 4 kuelekea nyekundu. Ngozi ikakaa sawa kabisa, lakini shamba lote likawa rangi ya matofali ya kuchoma, wakati kwenye Canon udongo ni kahawia. Nikajaribu kuichagua ngozi peke yake kwa Qualifier. Nikiwasha Highlight nione kilichoshikwa, nakuta mikono, uso, tuta zima na nusu ya kikapu.

Suluhisho likawa kugawa kazi. Nilizungusha kidogo tu kwa kundi zima, nyuzi 2, kwenye nodi iliyo baada ya Color Space Transform kule Post-Clip. Hapo udongo bado unakubalika. Kisha kwa shoti za uso wa karibu tu nikachora Power Window ya duara lenye kingo laini, nikaiambia Tracker ifuate uso, ndani yake nikaweka Qualifier na kumalizia zile nyuzi mbili. Shoti za mbali niliziacha, kwa sababu mtazamaji hapimi ngozi ya mtu aliye mita hamsini. Anaona udongo, na udongo ulishafanana.

Kitu kingine kinachodanganya: mtu akiinama kwenye udongo mwekundu juani, kidevu na chini ya macho vinapata mwanga wa chungwa unaotoka chini. Hiyo si kosa la kamera, ndivyo ilivyokuwa pale. Linganisha paji la uso na paji la uso, usilinganishe shavu.

Droni haikunipa taabu, isipokuwa vumbi la saa nane lilikuwa limefifisha weusi. Nilishusha Lift kidogo na kupunguza kijani cha majani, basi.

Angalia pia kama Canon yenu iliachwa AWB, yaani kamera ijipangie nyeupe yenyewe. Yetu iliachwa kwenye shoti tatu, na mtoto alipotoka kivulini kwenda juani rangi ikahama taratibu katikati ya klipu. Hapo nodi moja haitoshi. Unaweka alama za keyframe mwanzo na mwisho wa kuhama, au unaikata klipu pale inapohama na kusahihisha kila kipande.

Na usivute sana. 80D na a6400 zote zinaandika biti 8. Dalili kwamba umepita kiasi ni anga kuanza kuonyesha mistari kama ngazi badala ya kufifia polepole, na vivuli vya Sony kuchemka chengachenga. Ukiona hivyo, rudisha nusu ya ulichovuta na ukubali tofauti ndogo. Mimi shoti moja ya Canon, mama kasimama mbele ya anga lililoungua, iligoma kila namna. Nilihangaika nayo siku nzima, mwisho nikamwambia mhariri aitoe akaweka mikono ya mama ikikata kishada, ya Sony, yenye udongo nyuma na hakuna anga hata kidogo.

Ukikwama, weka hapa picha tatu za eneo moja, moja ya kila kamera bila LUT, na Waveform ionekane pembeni. Nitajua pa kugusa.