Chaneli nikishazipanga zinarudi vurugu

"Shikamoo fundi, niko Chumbageni. Nilimpangia mama king'amuzi chake, TBC1 namba moja, ITV mbili, zingine nikazificha. Juzi kijana kasachi upya zikavurugika zote na nilizoficha zimetokea tena. Nifanyeje zikae?"

Marahaba. Vitu viwili vimeungana hapo. Cha kwanza, kusachi kwa auto kwenye ving'amuzi vingi kunafuta orodha yote ya zamani na kuandika mpya, kwa hiyo mpangilio wako na ulichoficha vimeondoka pamoja. Cha pili ni LCN, yaani namba anazotuma mrushaji pamoja na matangazo, ikiwa On king'amuzi kinamfuata yeye sio wewe. Utaijua namba zikiwa na mapengo, unatoka 5 unarukia 101, au ukijaribu Move inagoma.

Basi anza upya hivi. Ingia Menu, sehemu ya Installation, LCN iweke Off, halafu sachi auto mara moja tu. Nenda Channel Edit, ikiomba pasiwedi jaribu 000000 au 0000. Simama kwenye TBC1, chagua Move, ipandishe mpaka juu, bonya OK, kisha ITV chini yake. Ukimaliza toka kwa Exit na ikiuliza kusevu kubali, maana wengi wanapanga vizuri halafu wanachomoa waya ukutani kabla haijasevu, kesho wanalaumu king'amuzi.

Kwenye kuficha tumia Skip, usitumie Delete. Skip ukibonya P+ inarukwa, ila ukiandika namba yake inafunguka, mjukuu akitaka katuni anaipata bila kumsumbua bibi. Delete inaiondoa kabisa kwenye orodha, hata ukiandika namba haifunguki mpaka usachi tena. Kubadilisha jina mimi sikushauri sana, jina linatumwa na kituo na baadhi ya ving'amuzi vinaliandika upya.

Kwa mama mwenyewe nakushauri sana FAV. Zile chaneli zake tano sita zitie alama kwenye kundi moja la Favorite, akibonya FAV kwenye rimoti anachagua hilo kundi, na P+ inazunguka humo humo tu. Mtu mzima akipotea kwenye chaneli arobaini anazima tivii na kukaa kimya, inaniuma nikikuta hivyo.

Siku ikija chaneli mpya msiguse auto. Fungua Manual Search, weka masafa ya hiyo chaneli mpya, inaongezwa mwisho wa orodha na zingine zinabaki. Na kama menyu yako ina Backup kwenye USB chomeka flashi uhifadhi orodha leo leo, kijana akirudia unairudisha kwa dakika moja.

Ila kama ni king'amuzi cha kulipia mwezi, namba anapanga mwenye kampuni, huwezi kuzihamisha, hapo baki na FAV tu.